Naomba ushauri: paleti za zamani zinakwama nyuma ya raki

Wakuu, habari zenu. Ghala letu lina raki zile ambazo foklifti inaingia ndani kabisa ya njia, paleti sita kwenda ndani, na mlango ni mmoja tu. Juzi tumetoa paleti ya juisi mwisho wa njia, imebakiza siku tisa muda wake uishe, na mbele yake umejaa mzigo wa mwezi huu. Kosa ni letu: njia ikibaki na paleti mbili tunajazia nne mpya mbele, kwa hiyo ya mwisho kuingia ndiyo inatoka kwanza.

Nimewaza raki za rola zenye mteremko. Unapakia nyuma, paleti inashuka yenyewe hadi mbele, ya kwanza inatoka kwanza utake usitake. Ila paleti zetu nyingi mbao za chini zimevunjika, nahofia zitanasa katikati. Raki za kawaida unafikia paleti yoyote, lakini korido zinakula nafasi, na bado unamtegemea dereva asome tarehe.

Je, nikibaki na hizi, kila njia iwe ya bechi moja na isijazwe mpaka iishe, itatosha? Aliyejaribu, nafasi tupu zilimsumbua kiasi gani?