Kifaa nisichokijua kwenye Wi-Fi: nikizuie, nibadili paswedi, au nihamie WPA3?

Mpangaji_Sinza
Wakuu, habari za jioni. Nimeingia kwenye ukurasa wa ruta kuangalia kwa nini intaneti inasuasua usiku, nikakuta vifaa tisa. Nyumbani tuna saba, nimehesabu mara mbili na mke wangu akiwa shahidi. Viwili vya ziada havina jina, vina namba tu, zinaanza hivi:

```
5a:3e:91
a0:2c:36
```

Rafiki mmoja ananiambia nivizuie hivyo viwili tu. Mwingine anasema nibadili paswedi. Halafu nimeona sehemu ya usalama kuna machaguo manne: WPA/WPA2 yenye TKIP+AES (ndiyo niliyoikuta), WPA2 yenye AES, WPA2/WPA3, na WPA3 peke yake. Nichague lipi?

Babu_wa_Waya
Zuia kwa MAC, yaani hizo namba za vifaa, kijana. Andika namba za vifaa vyako saba, vingine vyote vipigwe chini. Na ufiche jina la Wi-Fi lisionekane. Mimi nimefanya hivyo tangu 2015 na sijawahi kuibiwa bando.

FundiTabata
Mzee wangu, shikamoo. Enzi hizo ilisaidia kidogo, lakini simu za siku hizi zimebadilika. Kuanzia Android 10 na iOS 14, simu ikiingia kwenye Wi-Fi hujitungia namba yake badala ya kutoa ile ya kiwandani. Ukiizuia, mwenye simu anaingia kwenye mipangilio, anabadili kutoka namba ya kubuni kwenda namba halisi, na anarudi ndani kama mgeni mpya. Na jina kulificha hakumzuii mtu ambaye paswedi anayo.

Mpangaji, kabla hujamshuku jirani, angalia tarakimu ya pili ya kila namba. Ikiwa 2, 6, a au e, namba hiyo imebuniwa na kifaa chenyewe. Yako ya kwanza ni 5a, kwa hiyo inaweza kabisa kuwa simu ya mtu wa humo ndani. Ya pili ni a0, hiyo ni ya kiwandani.

Fanya hivi: zima Wi-Fi kwenye kifaa kimoja, subiri dakika mbili, fungua upya orodha, uone nani kapotea. Kisha kingine. Tumia orodha ya waliounganishwa sasa, siyo ya DHCP, yaani ya waliogawiwa anwani na ruta, kwa sababu ile ya DHCP huweza kuonyesha hata aliyeondoka asubuhi.

MamaSaluni_Mwenge
Na mimi nauliza hapo hapo. Wateja wangu nawapa Wi-Fi wakisubiri kusukwa. Je, wanaweza kusoma meseji zangu za WhatsApp? Maana kuna mmoja alinitazama vibaya.

FundiTabata
Hapana dada, meseji za WhatsApp zimefungwa kutoka simu hadi simu, kuwa Wi-Fi moja hakumpi mtu ufunguo. Ila kama ruta yako ina `Guest Network`, washa hiyo, wape wateja paswedi ya huko, na ya kwako ubaki nayo.

Mpangaji_Sinza
Fundi, aisee umenisitiri. Ile 5a ni tableti ya mke wangu! Nilihesabu saba nikaisahau hiyo tableti, kumbe vyetu ni nane.

Lakini a0 bado ipo. Nimezima kila kitu nikabaki na laptopu iliyochomekwa waya, na hiyo a0 imekaa tu. Ruta inaonyesha nguvu ya mawimbi yake ni -79, wakati printa iliyo chumba cha pili ilikuwa -48. Inatokea saa mbili usiku na kuondoka kama saa sita.

FundiTabata
-79 ni mbali, au kuna ukuta mzito katikati. Huyo yuko nje ya nyumba yako. Sasa badili paswedi, ila kwa mpangilio huu, ukiwa kwenye waya.

Kwanza badili paswedi ya kuingilia ukurasa wa ruta. Ikiwa bado ni ile iliyobandikwa chini ya kifaa, au `admin`, mgeni aliye ndani anaweza kuingia na kuisoma ile mpya. Pili zima WPS, ile njia ya kuingia bila kuandika paswedi. Tatu ndiyo uweke paswedi mpya ya Wi-Fi. Na usiweke namba ya simu, nawaomba sana, nusu ya Dar imeweka namba ya simu.

Kijana_wa_Kodi
Kwani namba ya simu ina shida gani? Ni tarakimu kumi.

FundiTabata
Zinaanza na 06 au 07, kwa hiyo zinabaki nane za kukisia. Jumla yake haizidi milioni 200. Kwenye WPA2 mtu anarekodi zile sekunde simu yako inapopiga hodi kwenye ruta, anaondoka na rekodi, anakisia nyumbani kwake. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro hujaribu laki kadhaa kwa sekunde. Haimchukui hata saa moja.

Hapo ndipo WPA3 inapotofautiana. Rekodi ya hodi haimsaidii, kila kisio lazima akijaribu kwenye ruta yenyewe, na hiyo ni polepole mno. Lakini mchanganyiko wa WPA2/WPA3 unabaki na mlango wa WPA2 wazi, kwa hiyo paswedi bado iwe ndefu: maneno manne au matano yasiyohusiana. Ile ya TKIP uliyoikuta achana nayo leo leo, imepitwa na wakati na inaweza kushusha kasi hadi megabiti 54 kwa sekunde.

Babu_wa_Waya
Basi aweke WPA3 peke yake, yaishe.

FundiTabata
Ajaribu. Vifaa vya zamani vitamlilia. Na mzee, kama jirani alipewa paswedi kwa mkono, WPA2 au WPA3 ni sawa tu, amepita mlangoni.

Mpangaji_Sinza
Mrejesho. Niliweka WPA3 peke yake: simu zote na tableti ziliingia, printa ikagoma na laptopu ya zamani ya mdogo wangu hata jina la mtandao haikuliona. Nikarudi WPA2/WPA3, laptopu ikaingia, printa bado imegoma. Nimeiweka kwenye mtandao wa wageni wenye WPA2, imeingia, ila sasa laptopu haiioni.

Kijana_wa_Kodi
Weka WPA2 yenye AES kote, na paswedi ndefu. Printa ni muhimu kuliko hizo W zote.

FundiTabata
Simpingi. Kwa nyumba yenye paswedi ndefu ni sawa kabisa. Mtandao wa wageni umetengwa makusudi, ndiyo maana laptopu haiioni printa. Mimi ningenunua waya wa USB, nikaacha mchanganyiko kwa ajili ya simu. Ruta nyingine zina njia ya kuruhusu wageni waone vifaa vya ndani, lakini ukiifungua, hata mgeni wa kweli atakiona chochote kilichomo.

MamaSaluni_Mwenge
Na yule wa a0 vipi?

Mpangaji_Sinza
Jana saa mbili na robo usiku kijana wa nyumba ya nyuma kagonga. "Samahani kaka, Wi-Fi yenu leo ina shida?" Nikamuuliza aliipataje. Mdogo wangu alimwonyesha ile picha ya QR kwenye simu mwezi wa tano ili amtumie faili la chuo. Sasa anaomba mpya, na mama yake ndiye hutuangalizia mtoto.

Babu_wa_Waya
Mpe ya wageni. Ila printa itoe humo kwanza, asije akachapisha kazi zake za chuo kwa wino wako.