Mrejesho: kujibu pongezi za kupandishwa cheo

Niliuliza: "Nimepanda cheo, WhatsApp imejaa hongera. Namjibuje kila mtu bila ionekane nimenakili?"

Kilichosaidia ni kuanza na maneno ya mtu mwenyewe. Sentensi mbili zinatosha: ya kwanza inadaka neno alilotumia au kazi mliyofanya pamoja, ya pili inashukuru. Aliyeandika "Hongera bosi, usitusahau" alipata: "Nikusahau wewe uliyenifundisha kufunga hesabu za mwezi? Asante sana kaka." Hilo huwezi kumtumia mwingine, na ndiyo maana halinuki kunakiliwa.

Kwa wakubwa, salamu itangulie: "Shikamoo mjomba. Dua zako nimezipokea, asante sana. Jumapili nitakupigia." Ukiahidi kupiga, piga kweli.

Aliyetuma "Hongera" tupu au picha ya maua usimtungie aya, itaonekana unajisifu. "Asante sana, dada Neema" inatosha.

Pagumu ni kwa mwenzako aliyeitaka nafasi hiyohiyo. Huyo usimtanie, wala usimwambie "zamu yako inakuja", maana inasikika kama pole. Nilimwandikia: "Asante kwa kunikumbuka. Jumatatu naomba tukae, nataka maoni yako kuhusu ratiba." Alijibu palepale.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, niliiacha. Ujumbe wake humfikia tu aliyehifadhi namba yako, na wafanyakazi wa ofisi moja huonyeshana simu. Majibu matano yenye "nashukuru kwa upendo wenu" yakikutana mezani, umeumbuka.