MFI imeporomoka kutoka 80 hadi 50 kwa siku moja, bei haijatikisika. Pesa inatoka au nasoma vibaya?

Mtafuta_Njia
Heshima kwenu wakuu. Nina hisa za kampuni moja, na kwenye chati ya siku nimeweka RSI na MFI, zote za vipindi 14. Jana MFI ilisoma 80 na RSI 57. Leo bei imefunga chini kidogo mno, haifiki hata nusu asilimia, lakini MFI imeanguka mpaka 50. RSI yenyewe imetoka 57 kwenda 55 tu.

Siku zote naambiwa MFI ni binamu wa RSI, tofauti ni kwamba inahesabu na ujazo wa biashara. Sasa mbona hawa ndugu hawaelewani? Wakubwa wanatoa pesa zao kimyakimya? Niuze? Natanguliza shukrani.

Kipanga_wa_Chati
Mkuu, uza. MFI ikivuka 80 hisa imenunuliwa kupita kiasi, ikishuka chini ya 20 imeuzwa kupita kiasi. Wewe umegusa 80 na kugeuka, tena kwa pointi 30 kwa siku. Ujazo hutangulia bei, RSI itafuata baadaye. Unasubiri nini?

Dada_Pipsi
Mimi nafanya foreksi kwenye MetaTrader na MFI yangu haina 80 wala 20. Ina nguzo za kijani, kahawia, bluu na waridi. Nguzo yako ya leo ina rangi gani? Kama ni waridi subiri, soko linajiandaa kuruka.

Bi_Mizani
Dada_Pipsi, hicho ni kiashiria kingine kabisa. Chako ni Market Facilitation Index cha Bill Williams, kinachogawa urefu wa mshumaa kwa ujazo. Anachouliza mwenzetu ni Money Flow Index cha Gene Quong na Avrum Soudack. Herufi tatu zimefanana, hesabu hazikutani popote.

Mtafuta_Njia, kabla hujauza chochote, rudi nyuma kwenye chati yako. Hesabu mishumaa 14 kuanzia leo, kisha uangalie ule unaofuata, yaani wa 15. Ujazo wake ulikuwaje?

Mtafuta_Njia
Duh! Siku hiyo zilibadilishana hisa milioni 17. Siku nyingine zote ni kama milioni moja hivi. Bei ilipanda kidogo sana siku hiyo. Nakumbuka kulikuwa na muamala mmoja mkubwa, taasisi moja ikaiuzia nyingine.

Bi_Mizani
Basi jibu lako ni hilo. Leo hakuna pesa iliyotoka. Kilichotoka ni ile siku, imetoka kwenye dirisha la hesabu.

Tuipige. MFI inachukua wastani wa bei ya juu, ya chini na ya kufunga, inauzidisha kwa ujazo wa siku. Wastani ukizidi wa jana, pesa yote ya siku hiyo inaandikwa chanya; ukipungua, yote inaandikwa hasi. Kisha:

```
MFI = 100 × chanya / (chanya + hasi)
```

Tuseme bei inazungukia 100 muda wote, ili tubaki na ujazo peke yake. Mpaka jana ulikuwa na siku 8 za kupanda: 7 za milioni moja moja, na ile ya 17. Jumla chanya 24. Siku 6 za kushuka zinatoa hasi 6. Gawa 24 kwa 30, unapata 80. Leo siku ya 17 imetoka na siku ndogo ya kushuka imeingia. Chanya 7, hasi 7. MFI 50.

RSI haikushtuka kwa sababu mbili. Kwanza inapima bei imesogea kiasi gani, na siku ile bei haikusogea sana. Pili, ulainishaji wa Wilder, aliyeibuni RSI, hauna ukingo: siku ya zamani inafifia kidogokidogo kwa kuzidishwa na 13/14 kila siku mpya, haikatwi ghafla. MFI ya kawaida inajumlisha siku 14 na kuitupa ya 15 kwa mkupuo.

Na sasa angalia udhaifu mkubwa zaidi. Siku ile wastani wa bei ungeshuka unywele badala ya kupanda unywele, zile milioni 17 zingehamia upande wa hasi: chanya 7, hasi 23. Jana ungesoma 23, karibu kabisa na mstari wa kuuzwa kupita kiasi. Hisa ileile, soko lilelile.

Kipanga_wa_Chati
Sawa kwa leo. Lakini milioni 17 si mchezo. Mtu aliingiza pesa pale, kiashiria kiliona sawasawa.

Bi_Mizani
Na aliyemuuzia alitoa kiasi hichohicho. Kila hisa iliyonunuliwa kuna aliyeiuza, kwa hiyo "pesa inaingia" ni namna ya kusema tu. Muamala uliokubaliwa pembeni hauonyeshi kama wanunuzi wa kawaida walikuwa na haraka kuliko wauzaji.

Mimi nikiona MFI juu ya 80 au chini ya 20, naitoa siku yenye ujazo mkubwa kuliko zote na kupiga tena. Kwa huyu: chanya 7 kwa 13, karibu 54. Kilele chote kilikuwa cha siku moja, nakipuuza. Kama siku 12 kati ya 14 zimepanda kwa ujazo wa kawaida, unapata karibu 86, na ukitoa siku moja bado uko karibu 85. Hicho ni kilele cha kweli.

Kipanga_wa_Chati
Kwa hiyo hicho cha kweli ndicho cha kuuza?

Bi_Mizani
Hapana, hapo ndipo wengi wanapigwa. Siku 12 za kupanda ni mwelekeo wenye nguvu, na MFI inaweza kukaa juu ya 80 muda mrefu huku bei ikiendelea kupanda. Mimi nasubiri kilele cha pili: bei inaweka rekodi mpya lakini MFI inaishia chini ya pale ilipofika mara ya kwanza. Hata hapo nakagua kama kilele cha kwanza hakikupandishwa na siku moja nene, maana kama ndivyo, tofauti hiyo ni ya bure.

Babu_Mishumaa
Quong na Soudack wenyewe walipendekeza 90 na 10 kwa hali za kupita kiasi hasa. Mimi natumia hizo na kelele zimepungua.

Bi_Mizani
Zinapungua kwa sababu unafika huko mara chache, Babu. Siku moja ya milioni 60 ingemfikisha huyu karibu 92. Mstari wa 90 haujui pesa imetoka siku ngapi.

Babu_Mishumaa
Hapo tutabishana. Kwenye hisa zenye biashara nyingi, siku ya namna hiyo huioni mara kwa mara, na 90 inanitosha.

Dada_Pipsi
Nimeipata ile nyingine, iko kwenye kundi la Volumes. Naweza kuitumia kwenye foreksi?

Babu_Mishumaa
Inafanya kazi, ila mara nyingi ujazo unaouona pale ni wa tiki: mara ngapi bei imebadilika kwa dalali wako, si pesa kiasi gani imepita. Ukifungua kwa dalali mwingine namba zitatofautiana. Mimi huko nabaki na RSI.

Mtafuta_Njia
Nashukuru sana Bi_Mizani. Nimepiga tena bila ile siku, nimepata 54 kama ulivyosema. Siuzi kwa sababu ya hii. Swali la mwisho: kwenye hisa nyingine ninayoifuatilia kuna siku ya milioni 4 itatoka kwenye dirisha wiki ijayo, na hiyo ilikuwa siku ya kushuka. Ina maana MFI itapanda hata bei ikilala?

Bi_Mizani
Itapanda, ndiyo. Iandike tarehe pembeni ya chati sasa hivi, ili Kipanga asije kukwambia ununue.