Basi la Dar–Nairobi: Rehema afike lini?

*Kikundi: Ukoo wa Mzee Kombo*

Rehema: Shikamooni wakubwa. Nina miadi ubalozini Nairobi, Jumatano saa 2:30 asubuhi. Ndege imenishinda bei, naenda na basi kutoka Mbezi. Wakala wa tiketi ananiambia safari ni saa 14. Nikiondoka Jumanne saa 8 mchana si nitafika saa 10 alfajiri, nioge, niende? Sitaki kulala gesti bure.

Kaka Idi: Hiyo sawa kabisa. Nimeangalia ramani kwenye simu, inasema saa 13 na kidogo. Ukiongeza chakula ni hizo hizo 14. Panda tu la saa 8.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Usisahau pantoni ya Likoni! Mimi mwaka ule nimetoka Tanga, Horohoro nimepita vizuri, Likoni nimekaa kwenye foleni ya magari hadi miguu ikavimba. Ongeza saa mbili za pantoni.

Rehema: Shangazi, siendi Mombasa. Napita Arusha, Namanga.

Shangazi Mwanaidi: Na kwa nini usipite Mombasa ukapanda treni? Treni haina foleni.

Baba Mdogo Shabani: Dada, Likoni siku hizi unaweza kuikwepa kwa barabara ya Dongo Kundu, lakini hiyo si njia ya Rehema. Mwanangu, usinunue tiketi bado. Hizo saa 14 za wakala ni za matairi kuzunguka tu, na ramani ya simu inampigia hesabu mtu mwenye gari dogo, asiyeshusha abiria wala kusimama mizani.

Kaka Idi: Baba Mdogo, si basi linakwenda 80? Kilomita 900 kwa 80 ni saa 11 na robo. Mimi hapo nimeshampa nafasi.

Baba Mdogo Shabani: 80 ni kikomo, si mwendo wa siku nzima. Kila kijiji kibao cha 50, matuta, lori mbele yako linapanda taratibu na huwezi kulipita. Nimeendesha njia hii miaka mingi, na hesabu yangu ilikuwa moja tu: kwa basi, kilomita moja ni dakika moja. Sehemu nyingine unakwenda zaidi, nyingine unatambaa, ukizichanganya inarudi hapo hapo. Kwa hiyo kilomita 900 ni saa 15, na hapo hujasimama hata mara moja.

Rehema: Mungu wangu.

Baba Mdogo Shabani: Subiri. Vituo vinahesabiwa pembeni, na mpaka unahesabiwa peke yake. Watu hukosea kwa kuvichanganya vyote kwenye mwendo, halafu basi likichelewa hawajui limechelewa wapi. Chukua mfano wa basi la saa 12 asubuhi, nitakupigia kipande kwa kipande.

Baba Mdogo Shabani: Mbezi hadi Chalinze ni kama kilomita 90 lakini ni kipande kibaya, malori ya Kibaha na Mlandizi, halafu mizani ya Vigwaza. Weka saa moja na dakika 45. Chalinze hadi Korogwe kilomita 190, saa tatu. Mpo Korogwe saa 5 kasorobo. Chakula nusu saa. Kondakta atatangaza dakika 15, usimwamini, watu 50 hawali kwa dakika 15. Korogwe hadi Moshi kilomita 265, saa nne, na dakika 10 za kuchimba dawa njiani. Moshi mnashusha robo saa, mnaondoka saa 10 kasoro 20. Moshi hadi Arusha kilomita 80 tu, lakini Boma, Usa River, Tengeru, kote ni mji mtupu. Saa moja na dakika 40. Arusha mnaingia saa 11:20 jioni.

Dada Salma (Kitengela): Hapo Baba Mdogo amesema kweli. Moshi–Arusha inaudhi, unaona umefika na hufiki.

Baba Mdogo Shabani: Arusha nusu saa, wanapakia na kushusha. Arusha hadi Namanga kilomita 110, njia nzuri, saa moja na dakika 40. Mpakani saa 1:30 usiku. Ukipewa mpaka wa saa moja na robo, mnatoka saa 3 kasorobo. Namanga hadi Nairobi kilomita 165, saa mbili na dakika 45. Saa 5:30 usiku upo mjini. Jumla saa 17 na nusu. Hiyo ni siku ya kawaida, hakuna ajali njiani wala tairi.

Kaka Idi: Lakini dereva akichelewa mwanzoni si anakanyaga mbele anafidia?

Baba Mdogo Shabani: Zamani. Sasa mabasi yana kifaa cha LATRA, akizidisha 80 wanaona. Na hata bila kifaa, fikiria: anayekwenda 75 akipanda hadi 80, kwenye kilomita 100 ameokoa dakika 5. Na si kila mahali anaweza kwenda hiyo 80, kwa hiyo nusu saa iliyopotea Chalinze hairudi hadi Nairobi. Ndiyo maana nampa Rehema alama moja ya kutazama: Korogwe. Basi likiingia Korogwe saa 6 badala ya saa 5 kasorobo, awapigie huko mbele mapema, na saa za kufika azisogeze zote kwa saa moja na robo. Asikae anatumaini.

Rehema: Nimeelewa. Na mpaka mbona saa nzima na zaidi? Nimesikia Namanga siku hizi ni kituo kimoja tu, unagonga mihuri yote jengo moja.

Baba Mdogo Shabani: Ni kweli. Ukitoka Tanzania unapita hadi jengo la upande wa Kenya, unagongewa kutoka na kuingia humo humo. Imepunguza sana. Lakini wewe hupiti peke yako, mnapita basi zima. Kama madirisha mawili yanafanya kazi na kila abiria anachukua dakika mbili, watu 50 ni dakika 50. Ongeza mizigo kushushwa na kukaguliwa. Na ukikimbia uwe wa kwanza kwenye foleni hujaokoa kitu, utakwenda kukaa kumsubiri wa mwisho. Basi linaondoka na wa mwisho.

Dada Salma (Kitengela): Na wa mwisho daima ni yule ambaye karatasi zake hazijakaa sawa. Safari moja tulisubiri kijana ambaye hati yake ya dharura ya safari ilikuwa imekwisha muda. Wengine wanaulizwa kadi ya homa ya manjano, wanaanza kufungua mabegi yaliyo chini kwenye buti.

Baba Mdogo Shabani: Kwa hiyo mkikaribia geti, chungulia dirishani uhesabu mabasi yaliyotangulia kuteremsha watu. Basi moja mbele yenu, ongeza dakika 40 hadi 50. Mawili, mnajua wenyewe. Malori yasikutishe, yana foleni yao.

Kaka Idi: Sawa, saa 17 na nusu. Basi la saa 8 mchana litafika saa 1:30 asubuhi. Miadi ni saa 2:30. Bado ana saa nzima mkononi!

Dada Salma (Kitengela): Idi, hapana. Wewe hujaiona barabara hii asubuhi. Hesabu nyuma: kama mjini ni saa 1:30, basi Kitengela anapita saa 12 na kitu. Hiyo ndiyo saa ambayo Kitengela nzima, Athi River nzima na Mlolongo wanaelekea kazini, upande ule ule wa basi lake. Kipande ambacho usiku ni dakika 40, wakati huo kinaweza kula saa mbili. Zile saa mbili na dakika 45 za Baba Mdogo ni za usiku, barabara ikiwa nyeupe.

Kaka Idi: Si aondoke basi la saa 6 mchana.

Dada Salma (Kitengela): Likienda vizuri anapita hapa saa 10:45 alfajiri, safi. Likichelewa saa mbili tu, anaangukia kwenye foleni, na zile mbili zinakuwa tatu na nusu. Ila la asubuhi likichelewa, linachelewea usiku. Likichelewa saa tatu, atafika saa 8:30 usiku, amechoka lakini amefika.

Baba Mdogo Shabani: Salma amemaliza. Saa inayopotea haina bei moja, inategemea unaipeleka wapi. Chukua la Jumanne saa 12 asubuhi.

Rehema: Sawa. Dada Salma, naweza kushukia kwako? Basi si linapita Kitengela?

Dada Salma (Kitengela): Linapita, kama saa 4:45 usiku, nitakuja stendi na shemeji yako. Ila ubalozi wako uko Gigiri, upande wa pili kabisa wa jiji. Itabidi tutoke hapa saa 10:30 alfajiri, au tupite ile barabara ya juu ya kulipia, Mlolongo hadi Westlands, na bado kufika Mlolongo kwenyewe ni kazi.

Baba Mdogo Shabani: Mimi ningemaliza safari hadi mjini usiku ule ule, alale gesti karibu.

Dada Salma (Kitengela): Msichana peke yake, saa 6 usiku, anatafuta gesti mjini? Na likichelewa, saa 8 usiku? Hapana Baba Mdogo.

Shangazi Mwanaidi: Aende Jumatatu. Alale Arusha kwa mama Zuhura, Jumanne asubuhi apande shato za Nairobi. Hapo hakuna wa kumkimbiza.

Baba Mdogo Shabani: Dada, hilo la maana. Arusha–Nairobi kwa shato ni saa tano hadi sita pamoja na mpaka, abiria wachache, kwa hiyo wa mwisho hachelewi sana. Akitoka saa 2 asubuhi, saa 8 mchana yupo.

Rehema: Ila nauli inakuwa mbili, na kazini nimepewa ruhusa ya siku mbili tu, Jumanne na Jumatano. Ngoja nimwombe bosi aniongezee na Jumatatu. Akikataa, nachukua la saa 12 asubuhi na nashuka kwa Dada Salma.

Dada Salma (Kitengela): Na tukiamka saa 9 alfajiri usinilaumu.

Baba Mdogo Shabani: Vyovyote iwavyo, ukikata tiketi muulize wakala: basi ni hilo hilo hadi Nairobi, au mnabadilisha Arusha? Wengine wanawashusha Arusha mkasubiri gari jingine lijae. Kama ni kubadilisha, zile saa 17 na nusu zangu zitupe, tuanze upya.

Rehema: Namuuliza sasa hivi.

Shangazi Mwanaidi: Na kurudi je? Kurudi nako utapita huko huko Namanga?