Waifai ya ofisi inakataa nywila sahihi kwa baadhi ya watu: tupeane uzoefu

Mchapakazi_Dom
Wakuu, habari za kazi. Ofisini kwetu Dodoma waifai ya wafanyakazi haina nywila moja ya wote. Kila mtu anaingia kwa jina na nywila yake ya kompyuta. AP zinauliza seva ya RADIUS, nayo inauliza Active Directory. Seva za RADIUS ziko mbili, zote FreeRADIUS. Sasa tangu juzi baadhi ya watu wanaambiwa nywila si sahihi. Wakiandika hiyo hiyo kwenye barua pepe, inafungua. Mhasibu anakataliwa, anayekaa meza ya pili yake anaperuzi bila shida. Wengine tumewabadilishia nywila na hali ni ile ile.

Waliokutana na hili naomba waeleze: kwenu lilikuwa nini, na mlilijuaje?

Kibo_Mtaani
Mkuu, zima ruta dakika moja kisha washa, halafu kila mtu asahau mtandao kwenye simu yake na aandike nywila upya. Nyumbani kwangu ilikuwa hivyo hivyo, watoto wanaingia mimi nakataliwa. Nilibadilisha nywila ya waifai ikatulia.

Mchapakazi_Dom
Asante kaka, ila huku nywila haikai kwenye ruta. Kila mfanyakazi ana yake, na anayeikubali au kuikataa ni seva.

Dada_Seva
Niko Mombasa, kazi yangu ni hizi seva. Lililotupata sisi linafanana na lako, nalieleza kwa kirefu kwa sababu lilitusumbua.

Kwanza usiamini maneno ya skrini ya simu. Simu ikikosa jibu, ikikataa cheti cha seva, au ikikataliwa kweli, mtumiaji mara nyingi huona ujumbe ule ule kwamba ameshindwa kuthibitishwa, au huombwa nywila upya. Yeye anaelewa kakosea nywila. Kwa hiyo nenda kwenye seva uangalie mazungumzo yenyewe, mtu mmoja aliyekataliwa akijaribu mbele yako:

```
tcpdump -ni any udp port 1812
```

Utaona moja ya mambo matatu. Labda ombi halifiki kabisa, au linafika na seva inanyamaza. Labda mazungumzo yanaanza, yanakwenda hatua kadhaa, kisha yanakatika katikati bila hukumu. Au yanafika mwisho na seva inatuma `Access-Reject`. Kila moja ina mahali pake pa kutafuta, na ukizichanganya utazunguka siku nzima.

Kwetu ilikuwa ya tatu. Seva mbili kama ninyi. Jengo la zamani AP zake zinaanza na seva ya kwanza, jengo jipya zinaanza na ya pili ili kugawana mzigo. Walalamikaji wote walikuwa wa jengo jipya, ila tulichelewa kuliona hilo kwa sababu tuliorodhesha majina ya watu na hatukuandika wamekaa wapi. Seva ya pili ni mashine pepe, na saa yake ilikuwa imebaki nyuma ya kidhibiti cha domeni kwa zaidi ya dakika tano, kiwango ambacho Kerberos ya Active Directory inavumilia kwa kawaida. Winbind iliposhindwa kuzungumza na domeni, logi yake ikaandika `Clock skew too great`, na `wbinfo -t` ikafeli. FreeRADIUS ilipokosa uthibitisho wa nywila kutoka winbind, ikamjibu mtumiaji kwa kumkataa.

Hapo ndipo pabaya. AP huhamia seva nyingine pale ya kwanza inaponyamaza. Seva inayojibu "hapana" kwa AP ni seva nzima. Kama ile ya pili ingekufa kabisa, watu wa jengo jipya wangehamishiwa ya kwanza na hakuna ambaye angepiga simu.

Angalia saa kwenye seva zote mbili na kwenye kidhibiti cha domeni, si moja tu:

```
timedatectl
chronyc tracking
wbinfo -t
```

Kijana_wa_Kigoma
Dada kasema kweli, ni saa. Hata simu ya mtu ikipishana na seva kwa dakika sita anakataliwa, kwa sababu ya hiyo Kerberos. Waambieni wote waweke saa ya moja kwa moja kwenye simu zao, tatizo litaisha.

Dada_Seva
Kijana wangu, saa ya simu ina umuhimu, ila si kwa sababu hiyo. Simu inayotumia PEAP na MSCHAPv2 haizungumzi Kerberos na mtu yeyote. Ya dakika tano ni kati ya seva ya RADIUS na domeni. Simu inaitumia saa yake kupima cheti cha seva: tarehe ya leo iko kati ya kuanza na kuisha kwa cheti? Kwa dakika sita haitagundua lolote, labda kama cheti kimetolewa saa hiyo hiyo. Ila laptopu ambayo betri ndogo ya ubao imekufa inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na kwake cheti cha leo ni cha siku ambayo haijafika. Itakataa. Na haiwezi kurekebisha saa yake kwa mtandao, kwa kuwa mtandao wenyewe ndio umeikataa. Mpe kebo au data ya simu kwanza.

Kijana_wa_Kigoma
Nimekuelewa dada. Sisi tulirekebisha saa za laptopu mbili za zamani zikaingia, ndiyo maana nikadhani ni dakika.

Nyanza_Net
Wadau, mimi niko Kisumu na kwetu ilikuwa ile ya pili aliyosema Dada, ya kukatika katikati. Tawi linaifikia RADIUS ya makao makuu kwa VPN. Makao makuu wanaingia, tawini hawaingii. Ping inapita. `radtest` nayo inapita, `Access-Accept` safi kabisa, kwa hiyo kila mtu akasema seva inafikika, tafuteni kwingine.

Lakini `radtest` ya kawaida hutuma pakiti ndogo. Kwenye PEAP seva inatuma mnyororo wa vyeti, na pakiti zake ni kubwa. VPN yetu ilikuwa inazikata vipande na fayawoli inavitupa. Mazungumzo yalikuwa yanaganda pale pale kila mara, mara tu seva inapoanza kutuma cheti. NPS ndiyo tunayotumia, tukaweka `Framed-MTU` 1344 kwenye sera na tawi zima likaingia. Kama wanaokataliwa kwenu wako ofisi nyingine, anza hapo.

Mchapakazi_Dom
Kwetu wote wako jengo moja, hakuna VPN katikati. Ila nimeanza kuandika ghorofa na aina ya kifaa kwa kila anayelalamika. Ghorofa ya juu ndiyo yenye wengi. `wbinfo -t` inapita kote na saa ziko sawa. Kwenye tcpdump hakuna `Access-Reject`, mazungumzo yanakatika njiani.

Mzee_wa_Nyaya
Basi hicho ni cheti, mwanangu. Ghorofa ya juu itakuwa inaanza na seva ya pili. Wakati ambao watu ni wachache, simamisha huduma kwenye seva hiyo kisha iwashe kwa `freeradius -X`, umwambie mhasibu ajaribu. Ukiona mstari wenye `Alert read` na `certificate expired`, maana yake ni kifaa chake kilichotuma malalamiko hayo. Nywila haijafika hata kusomwa.

Wanaoingia wakati cheti kimeisha huwa ni wale ambao simu zao ziliwekwa zisikague cheti. Android za zamani zilikuwa na chaguo hilo. Wengine walishaunganishwa kabla, na kifaa kinaendelea na kikao cha zamani mpaka muda wake uishe. Ndiyo maana jirani wa mhasibu anaperuzi.

Tafadhali usiwaambie watu wazime ukaguzi wa cheti ili kazi iende. Kifaa kisichokagua kitafanya mazungumzo hayo na AP yoyote iliyojipa jina la mtandao wenu, na kinachovuliwa kwenye MSCHAPv2 kinavunjika. Nywila hiyo ndiyo ya barua pepe na ya mishahara.

Mchapakazi_Dom
Mzee, cheti nilishakiangalia kwa `openssl` kwenye seva zote mbili, ni kipya. Kilibadilishwa mwezi uliopita, kabla cha zamani hakijaisha.

Dada_Seva
Uliangalia faili. Angalia kile seva inachompa mteja. Kwenye kompyuta ambayo imesajiliwa kama mteja wa RADIUS, andika `jaribio.conf`:

```
network={
  ssid="WAFANYAKAZI"
  key_mgmt=WPA-EAP
  eap=PEAP
  identity="jaribio"
  password="nywila_ya_jaribio"
  phase2="auth=MSCHAPV2"
}
```

Kisha ipige kila seva kwa anwani yake:

```
eapol_test -c jaribio.conf -a 10.20.0.12 -s siri -o cheti.pem
openssl storeutl -noout -text -certs cheti.pem | grep -E "Subject:|Not After"
```

FreeRADIUS husoma vyeti inapowaka. Faili likibadilishwa na huduma isiwashwe upya, inaendelea kutoa cha zamani kutoka kwenye kumbukumbu.

Mchapakazi_Dom
Nimerudi. Seva ya kwanza inatoa cheti kipya. Ya pili, ambayo faili lake ni jipya, ilikuwa inatoa cha zamani, na kimeisha siku ile ile malalamiko yalipoanza. Huduma haikuwahi kuwashwa upya upande huo. Nimeiwasha, ghorofa ya juu wanaingia, mhasibu yumo. iPhone chache zimeuliza kama cheti kipya kiaminiwe; tumewapa watu alama ya cheti wailinganishe kabla ya kukubali.

Imebaki laptopu moja ya Windows 11. Inakataa nywila iliyohifadhiwa, lakini akiandika upya kwa mkono inaingia. Kila asubuhi hivyo hivyo.

Nyanza_Net
Hiyo tumeiona kwa waliopanda hadi 22H2 ya Enterprise. Credential Guard inawashwa yenyewe, na MSCHAPv2 haiwezi tena kutumia nywila ya kuingilia kompyuta. Haihusiani na seva yako. Sisi tunahamia EAP-TLS, kila kifaa na cheti chake, hatujamaliza.

Kijana_wa_Kigoma
Na kwa nini msinunue cheti cha kampuni kubwa inayoaminiwa na simu zote? iPhone zisiulize chochote.

Mzee_wa_Nyaya
Zitauliza tu, kijana, kama mtu kajiunga mwenyewe bila kuwekewa wasifu. Tena vyeti hivyo vya hadharani muda wake unafupishwa: siku 200 kuanzia Machi 2026, 100 mwaka 2027, 47 mwaka 2029. Mimi natumia mamlaka yetu ya ndani.

Dada_Seva
Mimi sikubaliani nawe kabisa hapo, mzee wangu. Ofisi ambayo wafanyakazi wanatumia simu zao binafsi, kumwekea kila mmoja mamlaka ya ndani ni kazi kubwa, na wengi wataruka hatua hiyo. Mchapakazi, kwenu simu ni za ofisi au za watu wenyewe?

Mchapakazi_Dom
Nusu kwa nusu, dada. Laptopu ni za ofisi, simu karibu zote ni za watu.