Uso usio na kina kwenye picha: leya ya kijivu, Curves mbili, au zana za Dodge na Burn?

Bi_Taswira
Wakuu, nina picha ya bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, niliyompiga kwenye kivuli cha veranda siku ya mawingu. Macho yametoka makali, lakini paji, pua na mashavu vyote vina mwanga uleule, uso hauna kina. Nataka kuuchonga kwa brashi laini kwenye Photoshop. Njia ninazozijua ni leya ya Soft Light iliyojazwa kijivu cha 50%, leya mbili za Curves zenye maski nyeusi, na zana za Dodge na Burn juu ya nakala ya picha. Ya kijivu nimeijaribu: kila ninapong'arisha, ngozi inapauka. Mnatumia ipi?

MamaUrembo
Dada, fuata tu ramani ya vipodozi. Ng'arisha katikati ya paji, mgongo wa pua, juu ya mashavu na kidevu, kisha tia giza chini ya mashavu na pembeni mwa pua. Pande zote mbili zilingane. Njia yoyote itakubali.

FundiRangi
Mama, maeneo umeyataja vizuri, ila kulingana pande zote kunafaa mwanga unapotoka mbele juu. Bi_Taswira, kuza macho yake kwanza, utazame kile kimuliko cheupe kwenye mboni. Kikiwa kushoto, mwanga wa kweli ulitoka kushoto, kwa hiyo shavu la kushoto ndilo la kung'arisha na la kulia ndilo la kutia giza. Ukichora kinyume, mtazamaji ataona kuna jambo haliko sawa hata asipoweza kulitaja.

Kupauka kunatokana na hesabu ya Soft Light. Ukipaka nyeupe, rangi zenye namba ndogo hupandishwa kupita kiasi. Chukua ngozi yenye nyekundu 110, kijani 72, bluu 52. Ukiipandisha mpaka nyekundu ifike 140, kijani inafika kama 105 na bluu 85. Kwa uwiano, bluu imeikaribia nyekundu, ndiyo maana unaona majivu. Kwa Curves iliyovutwa katikati kutoka 128 hadi 160, ngozi hiyohiyo inakuwa karibu 141, 96, 70. Joto la ngozi linabaki.

kaka_wa_simu
Mimi sina kompyuta. Snapseed kwenye simu ina Dodge & Burn ndani ya Brush, naweka 5 au -5. Napaka lakini yanatokea mabaka. Na chunusi zinaondokaje hapo?

FundiRangi
Kaka, chunusi ni kazi nyingine, zitoe kwanza kwa Healing. Mabaka yanatokea kwa sababu umekuza picha sana. Kwenye Snapseed brashi haibadiliki ukubwa kwenye kioo, kwa hiyo ukirudisha picha iwe ndogo, brashi inafunika eneo kubwa la uso. Ndivyo unavyopata mpito laini.

Mzee_Studio
Wanangu, kwenye chumba cha giza tulitia giza kwa kupitisha mwanga kwenye tundu la kadibodi, na mkono haukutulia hata kidogo, maana ukitulia ukingo unajichora. Mimi hutumia zana za Dodge na Burn zenyewe, Range ikiwa Midtones, Exposure 5%, Protect Tones imewashwa. Zinanipa hisia ileile ya mkononi.

FundiRangi
Shikamoo mzee. Mkono wako nauheshimu, ila mteja akisema giza limezidi, utalipunguzaje peke yake? Kwenye Curves unashusha Opacity ya leya ya giza, basi.

Mzee_Studio
Marahaba. Mteja wangu hukaa pembeni yangu ninapofanya kazi, ananiambia palepale.

Bi_Taswira
Asanteni. FundiRangi, naomba mpangilio wako kamili wa Curves.

FundiRangi
Badilisha picha iwe 16 Bits/Channel. Weka Curves ya mwanga, 128 hadi 160, na ya giza, 128 hadi 95. Geuza maski zote mbili kwa Ctrl+I. Brashi nyeupe, Hardness 0%, Flow 3%, na upana wake uwe kama shavu lenyewe. Tazama uso wote kwenye kioo, usiukuze. Juu kabisa weka leya ya Black & White ya muda, ili rangi ya ngozi isikudanganye wakati unapima mwanga. Anza na giza la upande ulio mbali na mwanga, maana mara nyingi hilo peke yake linatosha kuuzungusha uso, na mwanga unahitaji kidogo tu.

Bi_Taswira
Kimuliko kiko kushoto kweli. Shavu halijapauka tena, ila sasa upande wa giza umekuwa mwekundu kupita kiasi.

FundiRangi
Giza la Curves huongeza ukolezi wa rangi. Mimi hubandika Hue/Saturation juu ya leya hiyo, Saturation -10 hivi, kwa maski ileile.

Mzee_Studio
Wengine huweka leya ya giza kwenye Luminosity. Mimi kwa ngozi nyeusi naona bado inabaki nyekundu.

Bi_Taswira
Najaribu zote mbili usiku huu, naweka picha hapa mlinganishe.