Naomba ushauri: mdogo wangu ana valvu ya moyo iliyoharibika na anang'olewa gego Jumanne. Sindano ya kila mwezi inatosha, au anywe na dawa kabla?

Kaka wa Makambako
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike ana miaka 26 na kilo 52. Homa ya baridi yabisi ya utotoni ilimharibia moyo. Eko, ile picha ya moyo, inaonyesha valvu ya mitrali imebana na pia inavuja. Hajafanyiwa upasuaji. Kila baada ya wiki 4 anachomwa benzathini penisilini, uniti 1,200,000, na ya mwisho alichomwa Jumatatu iliyopita. Warfarini hatumii, aleji hana, mjamzito si.

Gego la chini limeoza hadi kwenye mzizi. Miadi ya kung'oa ni Jumanne, Mbeya. Kliniki ya moyo walimwambia anywe amoksisilini mara moja tu, lisaa limoja kabla ya kung'olewa. Muuguzi anayemchoma sindano anasema hiyo penisilini aliyonayo mwilini inatosha. Duka la dawa nao wametoa kapsuli za siku 5. Tumfuate nani? Na hilo lisaa limoja kabla linahesabiwa kuanzia wapi, maana tunatoka Makambako na basi la alfajiri na foleni hatuijui?

Mzee wa Ifunda
Kijana, hizo kapsuli za duka ndizo sahihi. Mwenye moyo mbovu hang'olewi jino bila amoksisilini. Aanze siku 2 kabla, moja kutwa mara tatu, ili akifika kwa daktari damu iwe imeshajaa dawa. Akitoka amalizie zilizobaki.

Fundi wa Kinywa
Shikamoo mzee. Kwamba dawa inatakiwa na kwamba ni amoksisilini, hapo uko sawa. Kuanza siku 2 kabla ndiko kunakoharibu, na nieleze sababu.

Jino linapong'olewa, bakteria wa kwenye ufizi huingia kwenye damu kwa muda mfupi. Kwa mtu mwenye valvu nzima damu hujisafisha, basi. Valvu iliyokakamaa ina uso wenye mikwaruzo, bakteria hupata pa kushika na kuzaliana, na ukishafika hapo unazungumzia wiki kadhaa za dawa za mishipa, pengine na upasuaji. Dozi moja kubwa inalenga ile dakika ya kung'oa: dawa iwe juu kabisa kwenye damu wakati bakteria wanapoingia. Ukianza siku 2 mapema kwa dozi ndogo ndogo, unaua bakteria dhaifu wa mdomoni na kuwaacha sugu. Siku ya kung'oa, wanaoingia kwenye damu ni hao sugu. Baada ya kung'oa nako hakuna cha kuendeleza, isipokuwa kama kuna usaha au uvimbe wa shavu, na hapo anatibiwa maambukizi ya jino, ambayo ni habari nyingine.

Sasa sindano ya kila mwezi. Ile hutoa penisilini kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kiwango kinachotosha kumzuia yule bakteria wa koo anayeleta homa ya baridi yabisi. Hakitoshi kwa bakteria wa kinywa wanaomwagika kwenye damu jino linapotoka. Kwa hiyo muuguzi hajakosea kuhusu kazi ya sindano, ila haifanyi kazi hii ya pili. Na sindano isikatizwe kwa sababu ya jino. Tarehe yake ikifika achomwe kama kawaida.

Mama Neema
Samahani kuingilia. Mwanangu alizaliwa na tundu kwenye moyo, likazibwa kwa kiraka Dar miaka mitatu iliyopita, na daktari alisema limeziba kabisa. Ana kilo 18. Meno ya utoto yanaanza kulegea. Kila linapotoka nimpe hiyo dawa?

Fundi wa Kinywa
Mama Neema, jino la utoto linalodondoka lenyewe halihitaji dawa kwa mtu yeyote, hata mwenye valvu ya bandia. Vilevile picha ya eksirei, kupachika meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, au mdomo kupasuka kwa kuanguka. Na kwa tundu lililozibwa kabisa kwa kiraka, kinga hii ni ya miezi 6 ya kwanza baada ya upasuaji. Kama eko ya karibuni haionyeshi damu inayopenya pembeni ya kiraka, ameshatoka kwenye kundi hilo. Kama inapenya, bado yumo, na siku akihitaji kung'olewa na daktari dozi ni mg 50 kwa kila kilo: kilo 18 ni mg 900. Kwa sirapu yenye mg 250 katika ml 5, hiyo ni ml 18. Angalieni lebo, kwa sababu kuna ya mg 125 pia, na hiyo itakuwa ml 36.

Mfamasia wa Nyanda
Kaka wa Makambako, niongeze la kwenye kaunta, ndipo makosa mengi yanapotokea. Dozi ya mtu mzima ni gramu 2 kwa mkupuo. Kapsuli za mg 500 ni 4. Za mg 250 ni 8. Mtu anaambiwa "meza nne", duka linampa za 250, anakwenda kung'olewa na nusu ya dozi. Soma pakiti yenyewe, usitegemee rangi ya kapsuli. Flajili haiwezi kuchukua nafasi yake, maana haiwafikii hawa bakteria tunaowazungumzia.

Lakini kwa mdogo wako mimi nina swali kuhusu amoksisilini yenyewe. Mtu anayechomwa penisilini kila mwezi kwa miaka, bakteria wa mdomoni mwake wanaweza kuwa wameshaizoea familia nzima ya penisilini, na amoksisilini imo humo. Mwongozo wa chama cha moyo cha Marekani unasema mtu wa namna hii apewe dawa ya familia nyingine: azithromisini mg 500, kidonge kimoja cha 500 au viwili vya 250, au doksisaiklini mg 100. Sefaleksini haifai hapa kwa sababu ni ndugu wa karibu wa penisilini. Klindamisini ilikuwa kwenye orodha, mwaka 2021 wakaitoa kwa sababu ya madhara yake ya tumbo, ambayo huweza kuwa makali hata kwa dozi moja. Azithromisini nayo ina sharti: kama anatumia dawa ya kurekebisha mapigo kama amiodaroni, au ECG yake, kipimo cha umeme wa moyo, ina kasoro, daktari wa moyo aseme kwanza.

Fundi wa Kinywa
Mfamasia, hoja yako naijua na siipuuzi. Upande wa pili ni kwamba kiwango cha sindano ya mwezi ni kidogo, na gramu 2 kwa mkupuo ni nyingi mno ukilinganisha, kwa hiyo wapo madaktari wanaoendelea na amoksisilini kwa wagonjwa hawa. Mimi mwenyewe nikiwa na azithromisini na ECG safi ningeelekea kwako. Nikiikosa ningempa amoksisilini na kung'oa, kuliko kumwacha na jino lililooza mwezi mwingine.

Na tuwe wakweli kuhusu jambo jingine. Marekani tangu 2007 wameibakiza kinga hii kwa wenye hatari kubwa zaidi: valvu ya bandia, waliowahi kuugua maambukizi ya valvu, na baadhi ya kasoro za kuzaliwa. Valvu ya asili iliyoharibiwa na baridi yabisi, kama ya huyu binti, haimo kwenye orodha yao. Australia, wenye wagonjwa wengi wa aina hii katika jamii zao za asili, wameendelea kuwapa. Kwa hiyo akikutana na daktari anayesema haihitajiki, asimwone mzembe. Kwangu mimi, kwa mtu wa huku anayemwona daktari wa meno jino likiwa limeshaoza hadi mzizi, ningempa.

Kaka wa Makambako
Nashukuru sana wakuu. Kwa hiyo nisinunue chochote hadi niwasikie kliniki ya moyo. Na muda je?

Mfamasia wa Nyanda
Wapigie kabla ya Jumanne, uwaulize hivi hivi: "Anachomwa penisilini kila wiki 4, je, abaki na amoksisilini au mbadilishe?" Inawezekana aliyemwandikia hakuwa na hilo mbele yake. Jibu liandikwe kwenye daftari lake la kliniki.

Kuhusu muda, asinywe nyumbani. Amoksisilini hufika kileleni kwenye damu kati ya lisaa limoja na mawili, kisha inashuka haraka. Akiimeza saa 11 alfajiri Makambako na jino likatoka saa 7 mchana, atakuwa ameng'olewa dawa ikiwa imeshapungua sana. Aibebe mfukoni. Ale kifungua kinywa, afike, ajiandikishe, aseme mapokezi kwamba ana ugonjwa wa valvu na ana dawa ya kunywa dakika 30 hadi 60 kabla. Wamwambie yuko wa ngapi, na daktari atoe ishara ya kumeza. Baada ya kumeza muuguzi aandike saa. Ikitokea amesahau na jino limeshatoka, bado anaweza kumeza ndani ya masaa 2 baada ya kung'olewa. Baada ya hapo haina maana tena.

Fundi wa Kinywa
Na daktari amkague mdomo mzima kwanza. Kama kuna jino la pili la kung'oa au ugaga wa kusafisha, vifanyike siku hiyo hiyo chini ya dozi hiyo hiyo. Wakigawanya, wapishanishe angalau siku 10, ili bakteria wa kawaida warudi mdomoni kabla ya dozi nyingine.

Msomaji wa Tukuyu
Baba yangu ana presha na aliwekewa betri ya moyo. Naye ameze?

Mfamasia wa Nyanda
Hapana ndugu. Betri ya moyo na presha havimo kwenye kinga hii. Asisahau tu kumtajia daktari wa meno dawa anazotumia, hasa kama ni za kuzuia damu kuganda.

Muuguzi Mstaafu
Mmesahau yanayofuata. Dozi hii inapunguza hatari, haiifuti. Wiki zinazofuata, hata mwezi na zaidi, akipata homa isiyoeleweka, jasho la usiku, uchovu na kukonda, msikimbilie duka la dawa. Huku homa ikija tunasema malaria au taifodi, mtu anameza antibayotiki siku 3, homa inatulia kidogo, bakteria wamebaki kwenye valvu. Aende hospitali, aseme "nina valvu mbovu na niling'olewa jino tarehe fulani", na damu ichukuliwe ya kuoteshwa maabara ili bakteria waonekane, kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, tena mara tatu kutoka sehemu tofauti. Ukishameza, mara nyingi maabara hakioti kitu na daktari anabaki kubahatisha dawa.

Kaka wa Makambako
Hili la kuotesha damu sikuwahi kulisikia. Je, hospitali zetu za wilaya wanaotesha?

Muuguzi Mstaafu
Si zote. Pigeni simu kabla ya kusafiri. Kama hawaoteshi, ombeni rufaa Mbeya, hospitali ya kanda, mapema, kabla hajaanzishiwa dawa. Isipokuwa akiwa na hali mbaya, kama kushindwa kupumua au kuchanganyikiwa. Hapo atibiwe alipo kwanza.